Barua kwa mwalimu wa Darasa la Nne: upungufu wa umakini alio nao mwanangu na yanayomsaidia darasani

Kwa Mwalimu wa Darasa la Nne B,

YAH: HALI YA MWANANGU NA NAMNA YA KUMSAIDIA DARASANI

Salamu, Mwalimu, na pole kwa kazi ya kufungua shule.

Mimi ni mama wa yule mvulana wa miaka 10 aliyekaa dawati la nyuma karibu na dirisha, ambaye nadhani wiki hizi mbili za kwanza za Januari zimetosha kukufanya ulikariri jina lake. Nimeona nikuandikie badala ya kukusimamisha mlangoni asubuhi, kwa sababu mlangoni unasubiriwa na watoto 78, na kwa sababu barua unaweza kuirudia jioni ukiwa umetulia. Nakuomba uisome wewe pamoja na mwalimu mkuu, lakini isisomwe mbele ya watoto, na mwanangu asiitwe mgonjwa. Anajua ana tatizo gani, ila hapendi kuwa habari ya darasa zima.

Mwaka jana, akiwa Darasa la Tatu, alichunguzwa katika hospitali ya rufaa na kuonekana ana upungufu wa umakini. Katika cheti chake utaikuta hali hiyo imeandikwa kwa herufi nne, ADHD. Hakupimwa damu ili kuithibitisha wala hakupigwa picha ya ubongo, kwa kuwa hakuna kipimo cha aina hiyo kinachoweza kuionyesha. Damu ilipimwa kwa ajili ya kuona kama ana upungufu wa wekundu wa damu, akapimwa macho na masikio, na nikaulizwa kwa urefu kuhusu usingizi wake na kama huwa anaduwaa ghafla kwa sekunde chache bila kusikia anapoitwa, maana ipo aina ya kifafa inayofanana na kutokuwa makini. Hayo yalipoondolewa, mtaalamu alitupa fomu mimi na mwalimu wake wa wakati huo, kila mmoja aijaze peke yake. Kwa mtoto wa umri wake hutafutwa dalili sita au zaidi kati ya tisa zilizoorodheshwa, ziwe zimedumu si chini ya miezi sita, ziwe zilianza kabla hajafikisha miaka 12, na zionekane mahali zaidi ya pamoja, yaani si shuleni tu wala si nyumbani tu. Mwanangu alitimiza yote hayo. Bibi yake aliposikia alicheka, akasema kwamba mjomba wake alikuwa hivyohivyo na alimaliza viatu vitatu kwa mwaka, na mtaalamu akatuambia kwamba kweli hali hii hurithiwa sana katika ukoo.

Naeleza haya ili ujue kwamba hatukuokota jina la ugonjwa ili kumtetea mtoto mtundu.

Kinachomshinda hasa

Jina lenyewe linapotosha kidogo. Ukisikia upungufu wa umakini, unafikiri kwamba umakini hana, kisha jioni unamkuta uwanjani anacheza mpira kwa saa nzima bila kupepesa macho, nawe unahitimisha, kama nilivyohitimisha mimi kwa miaka miwili, kwamba darasani anafanya makusudi. Ukweli ni kwamba umakini anao, ila hawezi kuuelekeza anakotakiwa na kuushikilia hapo. Mpira unamjibu kila sekunde: ukiukosa unapita, ukiupiga unaenda. Zoezi la Hisabati linamjibu kesho, daftari linaporudi limesahihishwa. Kwake yeye kesho ni mbali mno kiasi kwamba haina nguvu ya kumfanya aendelee kuandika sasa hivi.

Jambo la pili ni kumbukumbu ya muda mfupi, ile tunayoitumia kushikilia kitu kichwani wakati tunafanya kingine. Nikuonyeshe kwa hesabu aliyoifanya mwezi Oktoba. Aliulizwa 47 mara 6. Alianza vizuri: 7 mara 6 ni 42, akaandika 2, na ile 4 akaiweka kichwani. Kisha 4 mara 6 ni 24, akaandika 24. Jibu lake likawa 242 badala ya 282. Jedwali la 6 analijua, na njia anaijua pia, kwa kuwa nilipomwomba anieleze kwa mdomo alieleza bila kukosea. Kilichotokea ni kwamba ile 4 ilidondoka njiani wakati anatafuta 24. Mwalimu anayeona 242 anaweza kuamua kwamba mtoto hajui kuzidisha akamrudisha kwenye jedwali, na huko atachoka bure, kwa sababu si huko anakopotea.

Kwa hiyo naomba, Mwalimu, tuanze na wazo hili moja, nayo mengine yote katika barua hii yanatoka humo. Mwanangu mara nyingi anajua la kufanya, bali analipoteza pale pale na wakati ule ule linapohitajika. Ushauri uliotolewa asubuhi hauwezi kumfikia saa tano. Msaada unaomfaa ni ule uliowekwa karibu naye, unaoonekana kwa macho, na unaokuja papo hapo.

Hatua ya kwanza: mahali pa kukaa

Hili halihitaji fedha wala muda, na ndiyo sababu nimelitanguliza. Naomba ahamishiwe safu ya mbele, upande ambao wewe husimama mara nyingi unapofundisha, mbali na mlango na dirisha. Kwa kuwa madawati yetu hukaliwa na watoto watatu, naomba akae pembeni mwa dawati na si katikati. Akikaa katikati, kila anapojinyoosha anamgonga mwenzake, ugomvi unaanza, na kalamu zinadondoka. Akiwa pembeni anaweza kusimama na kukaa bila kumsumbua mtu, nawe unaweza kupita na kugusa dawati lake kwa kidole kama ishara ya kumrudisha kazini bila kulitaja jina lake mbele ya watu.

Wenzake wawili wawe watulivu, ila asikabidhiwe mmoja wao kuwa mlinzi wake. Tulijaribu mwaka jana. Msichana aliyepewa kazi hiyo aliigeuza kuwa ukiranja, kila dakika akawa anamshitaki, na urafiki wao ukaisha kabla ya likizo. Pia asiwekwe peke yake pembeni ya darasa akitazama ukuta. Akiwa huko hugeuka nyuma kutafuta watu, na darasa zima humgeukia yeye.

Hatua ya pili: namna ya kumwagiza

Fikiria agizo la kawaida kabisa: "Toeni madaftari ya Hisabati, fungueni ukurasa mpya, andikeni tarehe, nakilini maswali matano ya kwanza, na ukimaliza ulete mezani kwangu." Watoto wengi hulimudu. Mwanangu hubaki na la kwanza na la mwisho, kwa hiyo hutoa daftari na kulileta mezani likiwa tupu. Darasa hucheka, na mwalimu huona amedhihakiwa. Hilo lilimtokea mara mbili muhula uliopita, na mara zote mbili aliadhibiwa kwa ufedhuli ambao wala hakuukusudia.

Linalosaidia ni kulikata agizo. Toa sehemu mbili za kwanza, subiri sekunde chache, tazama kama daftari liko wazi mbele yake, kisha endelea. Kama inawezekana, andika pembeni mwa ubao maneno machache tu: *tarehe, maswali 1–5, mezani*. Maneno hayo hubaki pale pale hata yanapodondoka kichwani mwake, naye atainua macho na kuyakuta. Nimeambiwa na mwalimu wake wa mwaka jana kwamba watoto wengine kama kumi nao walianza kuyatumia, na maswali ya "Mwalimu, tufanye nini?" yakapungua.

Baada ya kuagiza, pita karibu naye umwambie kwa sauti ya chini, "Niambie unaanza na nini." Usimwulize "Umeelewa?" kwa sababu atajibu ndiyo. Kila mtoto hujibu ndiyo. Akiweza kukutajia hatua ya kwanza kwa kinywa chake, ameishika.

Hatua ya tatu: kuikata kazi

Kipindi ni dakika 40, na nguvu yake ya kushikilia kazi asiyoipenda, kwa hesabu yangu ya mezani nyumbani, ni kati ya dakika nane na kumi. Zoezi la maswali 20 yaliyoandikwa kwa mfululizo humkatisha tamaa kabla hajaanza. Mfano wa daftari lake unaonyesha wazi: maswali manne ya kwanza yana alama ya vema, la tano na la sita amejumlisha palipotakiwa kutoa, na baada ya hapo ni karatasi tupu na picha ya basi.

Naomba apige mstari kwa rula chini ya swali la tano, na akifika hapo anyooshe kidole au alete daftari uliweke alama moja ya vema, kisha aendelee na matano mengine. Siombi apewe kazi rahisi kuliko wenzake. Ikiwa maswali kumi yanatosha kukuonyesha kwamba ameelewa, basi afanye kumi mazuri badala ya 20 yaliyoharibika katikati, na mengine nitayasimamia nyumbani. Katika kuzidisha na kujumlisha, msisitize aandike tarakimu inayobebwa juu ya safu inayofuata, kwa penseli, ndani ya kiduara. Katika ile 47 mara 6, tarakimu 4 ikiwa imeandikwa juu ya 4 ya makumi, haina pa kudondokea. Na kabla ya kuanza zoezi lenye kujumlisha na kutoa kwa mchanganyiko, azungushie alama zote kwanza.

Kunakili kutoka ubaoni ni adha ya peke yake. Kila anapoinua macho hupoteza mstari. Inapokuwa ni maelezo marefu ya Sayansi, naomba anakili vichwa na mistari muhimu, nami jioni nitamsimamia amalizie kutoka kwenye daftari la mwenzake, ambaye mama yake tumekwisha kukubaliana naye.

Kila kipande cha kazi kikiisha, mpe sababu halali ya kusimama. Kufuta ubao, kukusanya madaftari ya safu yake, kuleta chaki ofisini: hayo yote yanatosha. Atatoka kwenye kiti hata hivyo, kwa hiyo ni afadhali atoke kwa kutumwa na wewe.

Hatua ya nne: kadi ya siku

Hapa ndipo naomba nikae kwa urefu, kwa maana katika yote tuliyojaribu ndilo lililoleta mabadiliko tuliyoweza kuyahesabu, na pia ndilo rahisi kuharibika.

Kadi ni kipande cha karatasi ngumu, nusu ya ukurasa wa daftari. Upande wa kushoto kuna mambo matatu tu anayotakiwa kufanya, na juu kuna sehemu tatu za siku: kabla ya mapumziko ya uji, kabla ya chakula cha mchana, na kabla ya kwenda nyumbani. Hivyo kuna visanduku tisa. Wewe unaweka vema au kistari katika visanduku vitatu kila sehemu inapoisha, kazi isiyozidi nusu dakika, kisha anakuja nayo nyumbani.

Mambo yenyewe ni lazima yawe ya kuonekana na kuhesabika. Kadi yetu ya kwanza kabisa, niliyoiandika mwenyewe kwa shauku nyingi, ilisema "awe na adabu", "awe msikivu" na "ajitahidi". Haikudumu hata wiki moja. Mwalimu hakujua aweke vema lini, mtoto naye hakujua afanye nini ili aipate. Tulipokaa na mtaalamu tukaibadilisha iwe hivi:

1. Ameanza zoezi ndani ya dakika mbili baada ya kuagizwa, akikumbushwa si zaidi ya mara moja.
2. Amefika kwenye mstari wa swali la tano kabla kipindi hakijaisha.
3. Amenyoosha kidole kabla ya kusema, akikumbushwa si zaidi ya mara tatu.

Angalia kwamba kila moja limeandikwa kama kitu cha kufanya na si kitu cha kuacha, na kwamba kukumbushwa kumeruhusiwa. Ukiandika "asikumbushwe kabisa" atashindwa kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, na siku nzima iliyobaki haitakuwa na faida kwake.

Baada ya hapo tulifanya jambo ambalo wengi huliruka. Kwa wiki nzima mwalimu aliijaza kadi bila zawadi wala adhabu, ili tujue mtoto yuko wapi. Alipata vema 3 Jumatatu, 4 Jumanne, 3 Jumatano, 5 Alhamisi na 4 Ijumaa. Kwa pamoja ni 19, yaani karibu 4 kwa siku. Kwa hiyo lengo la kwanza tuliliweka kuwa 4. Mume wangu alipinga, akasema 4 kati ya 9 ni kufeli. Nikamjibu kwamba lengo la 8 lingekuwa zuri kwenye karatasi, lakini mtoto angerudi mikono mitupu siku tatu mfululizo, na siku ya nne kadi ingetupwa mtaroni. Lengo linatakiwa liwe lile analoweza kulifikia siku nyingi za wiki, tuseme siku nne kati ya tano. Wiki ya kwanza alilifikia siku nne. Wiki ya pili siku zote tano, na ndipo tukapandisha hadi 5. Mwisho wa Novemba lengo lilikuwa 6, na ndipo tulipo hadi leo. Halijafika 9 na sidhani kama litafika.

Zawadi inatoka kwangu, si kwako, na inatolewa jioni ileile. Akifikisha lengo, anaendesha baiskeli ya mjomba wake kwa nusu saa kabla ya magharibi. Asipofikisha, baiskeli inabaki ukutani, na hakuna maneno. Hilo la kutosema neno lilinigharimu, kwa sababu mimi ni mtu wa kusema. Lakini tuliona kwamba nikimgombeza kwa kadi mbaya, kesho yake kadi "inapotea".

Nikueleze basi ilivyoharibika, ili usishangae yakitokea kwako. Kwanza, ilipotea kweli mara mbili. Sasa kadi isiyofika nyumbani inahesabiwa kuwa kadi yenye sifuri, na tangu hapo haijapotea. Pili, siku moja nilikuta vema saba zenye mwandiko unaofanana sana na wa kwake. Tangu siku hiyo mwalimu huweka saini fupi pembeni kila sehemu ya siku inapoisha. Tatu, wiki ya sita vema zilishuka ghafla kutoka 5 hadi 2. Tulidhani kadi imechuja, kumbe baiskeli ndiyo iliyomchosha. Watoto wa namna hii huchoshwa haraka na zawadi ileile. Tukaongeza chaguo la kucheza drafti na baba yake na chaguo la kukaanga chapati ya mwisho yeye mwenyewe, akawa anachagua asubuhi kabla ya kuondoka, na hesabu ikapanda tena. Nne, mwalimu alipokuwa na zamu au semina kadi haikujazwa, na mtoto aliona kama ameonewa. Kwa siku kama hizo tuandike tu "haikujazwa" nayo isihesabiwe upande wowote.

Ninachokuomba wewe ni jambo moja tu katika kadi: unapoweka vema, taja alichofanya. "Umeanza kabla sijakukumbusha" inamfaa kuliko "safi sana", kwa kuwa neno safi halimwambii arudie nini.

Kadi ina mipaka yake pia. Inamfanya aanze na aendelee, lakini haimfundishi asichokijua. Ikitokea kwamba lengo limeshushwa, zawadi imebadilishwa, na bado wiki mbili zimepita bila hesabu kusogea, basi tusizidi kumkaza. Tutazame kazi yenyewe. Mwaka jana vema za kipindi cha Kiswahili hazikusogea hata kidogo, na tulipomsikiliza akisoma kwa sauti tukakuta anakisia maneno marefu kwa kutazama silabi mbili za mwanzo. Tatizo la kusoma huandamana mara nyingi na upungufu wa umakini, nalo lina dawa yake tofauti. Tulimsomesha silabi jioni kwa miezi miwili ndipo kadi ikaanza kusema kitu.

Hatua ya tano: anapokosea

Hapa naandika kwa heshima, Mwalimu, nikijua kwamba watoto 78 si mchezo.

Kanuni za mwaka 2002 kuhusu viboko zinaweka adhabu hiyo mikononi mwa mwalimu mkuu au mwalimu aliyemkabidhi jukumu hilo, zinataka isizidi viboko vinne, na zinataka iandikwe katika kitabu. Mimi sitaki kufika kwenye kanuni. Nataka kukueleza kwa nini kwake kiboko hakimfundishi. Mwaka jana alichapwa kwa kutomaliza zoezi, na siku iliyofuata hakumaliza tena, si kwa ukaidi bali kwa sababu kiboko kilikuja wakati kazi imekwisha kushindikana, na kesho yake saa ya kuanza zoezi ilipofika hakuna kitu kilichomkumbusha. Alichojifunza ni kumwogopa mwalimu, na mtoto aliyeogopa husahau zaidi.

Adhabu nyingine inayoonekana nyepesi lakini inatuharibia siku ni kumzuia asitoke wakati wa mapumziko ili amalizie kazi. Yeye anahitaji kukimbia kuliko wenzake wote, na akikosa mapumziko ya asubuhi, vipindi vinavyofuata vinakuwa vya kuhangaika naye. Ikiwa ni lazima amalizie, amalizie nyumbani, na unaweza kuniandikia nyuma ya kadi.

Kinachomfaa ni tokeo dogo, la haraka, na la namna ileile kila mara. Akipaza sauti bila kunyoosha kidole, mwonyeshe kidole kimoja kwa utulivu: hilo ni kumbusho la kwanza. Anajua matatu yakipita kisanduku hakipati vema, na kwamba sehemu inayofuata ya siku inaanza upya bila kinyongo. Usimfanyie mahojiano ya "kwa nini umefanya hivyo?" Hajui kwa nini. Atatunga sababu, nawe utamkamata kwa uongo, na kosa moja litakuwa mawili. Akimpiga mwenzake hilo ni jambo jingine, aadhibiwe kama wengine kwa taratibu za shule, na mimi niitwe siku hiyohiyo.

Mitihani, na habari ya dawa

Mwishoni mwa mwaka kuna upimaji wa kitaifa wa Darasa la Nne. Naomba tumzoeshe tangu sasa katika majaribio ya kila mwezi: azungushie maneno yanayoagiza katika kila swali, afunike kwa karatasi maswali ambayo hajayafikia, na asikabidhi kabla hujamwambia apitie upya kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Yeye hukabidhi wa kwanza, na si kwa sababu amemaliza. Pale ambapo shule inaweza kumpa dakika za ziada katika majaribio ya ndani, ningeshukuru. Kuhusu upimaji wenyewe, nitakwenda kwa mwalimu mkuu mapema na cheti cha hospitali nimwulize taratibu.

Dawa hatumii kwa sasa. Ipo inayoitwa methilfenideti, ambayo daktari ametueleza kwamba huongeza uwezo wa kushikilia umakini kwa saa chache na huweza kupunguza hamu ya kula, ila katika maduka ya dawa ya mji wetu haipatikani kwa uhakika, nasi hatukutaka kuianza kisha ikatike. Tukianza nitakujulisha siku ya kwanza, kwa kuwa macho yako ndiyo yatakayoona tofauti, na pia ndiyo yatakayoona kama ameacha uji wake.

Ninachopendekeza tuanze nacho

Usifanye yote haya Jumatatu. Wiki ya kwanza mhamishe tu dawati, na uandike yale maneno matatu pembeni mwa ubao. Wiki ya pili ijaze kadi bila lengo, ili tujue katika darasa lako anaanzia wapi, kwani hesabu za mwaka jana ni za mwalimu mwingine. Wiki ya tatu tuweke lengo. Nimeambatanisha kadi 15, zinazotosha wiki tatu, na nyingine nitachora mwenyewe.

Naomba robo saa yako Ijumaa ya wiki ya pili baada ya watoto kutoka. Nitakuja na daftari langu la hesabu za vema, na ningependa kusikia kutoka kwako ni kipindi gani anapotea zaidi, kwa sababu nyumbani siwezi kuliona hilo. Kama Ijumaa una zamu, niandikie siku nyingine nyuma ya kadi.

Wako,
Mama yake